Dhahabu kwa dola, akiba kwa shilingi: ipi kinga ya kweli?

Mwishoni mwa Januari 2024 shangazi yangu wa Mombasa alinipigia simu. Binti yake alikuwa ameposwa, harusi imepangwa baada ya mwaka, na yeye alikuwa na akiba ya shilingi laki tatu na ushee aliyotaka iishie kwenye dhahabu ya bibi harusi.

"Mwanangu," akaniambia, "dhahabu nasikia bei yake ni ya dola, na dola kila siku yapanda. Hizi pesa zangu za Kenya nizifanyeje zisiyeyuke?"

Siku hizo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa 124. Nikamjibu haraka, kama mtu anayejua: "Shangazi, badilisha zote ziwe dola, uweke benki, ukae ukingojea."

Ushauri ule ulikuwa mbovu, na ubaya wake hautokani tu na shilingi kuja kupata nguvu wiki chache baadaye. Hata kama shilingi ingeendelea kuanguka, nilikuwa nimemkinga na nusu ya hatari yake na kumwacha wazi kwenye nusu ya pili. Tangu hapo nimezipiga hesabu njia zote alizokuwa nazo, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu ili anayekabiliwa na uamuzi kama wake ajichagulie.

Bei moja, miguu miwili

Bei ya dhahabu kwa shilingi ni zao la namba mbili: bei ya wakia moja kwa dola, na shilingi ngapi zinanunua dola moja. Wakia ya masonara ni gramu 31.1035. Kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi, ile ya karati 24, hupatikana hivi:

```
bei ya gramu 24K = bei ya wakia kwa dola × kiwango cha dola ÷ 31.1035
bei ya gramu 22K = bei ya gramu 24K × 0.916
```

Shangazi alihitaji seti ya kama gramu 34 za karati 22. Ukitoa madini mengine yaliyochanganywa humo, dhahabu safi iliyomo ni kama wakia moja, na hiyo inaturahisishia kazi: kila mara tutahesabu wakia moja. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia ilikuwa karibu dola 2,040. Zidisha kwa 160 upate shilingi 326,400, kabla ya ufundi wa sonara na kodi.

Sasa jiulize: deni lake lilikuwa la nini? Si la shilingi, na si la dola. Alikuwa na deni la gramu. Baada ya mwaka atatakiwa awe na gramu 34, bei iwe imepanda au imeshuka. Mtu mwenye deni la gramu anayeshika dola amejikinga na mguu mmoja tu, ule wa shilingi kudhoofika. Dhahabu yenyewe ikipanda kwa dola, dola zake zinamtazama tu. Hapo ndipo nilipokosea.

Miaka miwili iliyogeuziana mgongo

Nimechukua vipindi viwili vya mwaka mmoja mmoja, kila kimoja kikianza na kuisha mwishoni mwa Januari. Katika cha kwanza, 2023 hadi 2024, wakia ilipanda kutoka karibu dola 1,925 hadi 2,040, na dola ikapanda kutoka shilingi 124 hadi 160. Katika cha pili, 2024 hadi 2025, wakia ilipanda kutoka 2,040 hadi karibu 2,800, lakini dola ikaanguka kutoka 160 hadi 129.

Kila mwaka mtu anaanza na shilingi za kutosha wakia moja kamili siku ile. Swali ni moja: baada ya mwaka, anaweza kuipata wakia ile, au amepungukiwa? Hati za Hazina utakazoziona kwenye jedwali ni mkopo unaoipa serikali kwa muda maalumu, nayo inakulipa riba.

| Njia | Jan 2023 – Jan 2024 | Jan 2024 – Jan 2025 |
|---|---|---|
| Nunua dhahabu siku ya kwanza | wakia anayo | wakia anayo |
| Shika dola benki | apungukiwa sh. 18,400 | apungukiwa sh. 98,000 |
| Shilingi kwenye hati za Hazina za siku 364 | apungukiwa sh. 66,400 | abakiwa na sh. 9,600 |
| Nusu dhahabu, nusu hati za Hazina | apungukiwa sh. 33,200 | abakiwa na sh. 4,800 |

Namba zimekadiriwa, na sijaweka ada za benki wala riba ya akaunti ya dola. Riba ya hati za Hazina nimeichukua kuwa kama asilimia 10 na nusu mwanzoni mwa 2023 na kama 16 mwanzoni mwa 2024, kisha nikakata kodi ya zuio ya asilimia 15 juu ya riba.

Tazama safu ya dola. Imeshindwa miaka yote miwili, ule ambao shilingi ilianguka na ule ambao shilingi ilipata nguvu. Mwaka wa kwanza dola ilifanya kazi yake vizuri, ikaziba karibu pengo lote, ila dhahabu nayo ilikuwa imesogea dola 115. Mwaka wa pili dhahabu ilipanda dola 760 kwa wakia, na mwenye dola akaachwa kituoni.

Kilichogeuza mwaka wa pili ni Yurobondi ya Kenya, yaani mkopo wa dola bilioni 2 ambao serikali iliuchukua kwa wawekezaji wa nje, iliyokuwa inaiva Juni 2024. Kabla ya hapo watu waliogopa serikali itakosa dola za kuilipa, na kila mwenye shilingi alikimbilia dola. Februari 2024 serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya zamani, na mwezi uohuo hatifungani ya miundombinu ikauzwa kwa riba ya zaidi ya asilimia 18, wageni wakaleta dola zao kuinunua. Hofu ikaisha ghafla. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa kama shilingi 132. Yaani kuna watu waliobadilisha akiba zao kuwa dola kwa 160 wakaona sehemu ya sita ya thamani yake kwa shilingi ikitoweka katika muda wa miezi miwili.

Kununua dhahabu mapema

Kwa deni la gramu, hii ndiyo kinga inayofunga miguu yote miwili moja kwa moja. Ukishakuwa na gramu 17 kabatini, hizo 17 zimeshatoka kwenye hesabu, dola ifanye itakalo.

Gharama yake iko mahali pengine. Sonara hauzi dhahabu tupu. Anauza dhahabu, ufundi, faida yake na kodi ya VAT. Ukija kumrudishia, anakulipa uzito wa dhahabu kwa bei yake ya kununua, na ufundi umekwenda. Kwa hiyo usinunue mapema kitu ambacho huenda ukataka kukibadilisha. Bangili laini zisizo na nakshi wala mawe zinafaa kuliko mkufu wa fasheni ambao bibi harusi atasema haupendi. Mawe yana hila yake pia: yakipimwa pamoja na dhahabu, unalipia jiwe kwa bei ya dhahabu.

Namna ya kujua kama unaibiwa ni kumwomba sonara aseme bei ya gramu na bei ya ufundi mbalimbali. Tuseme wakia ni 2,800 na dola ni 129. Gramu ya karati 24 ni shilingi 11,613, na ya karati 22 ni 10,637. Akikutajia 12,500 kwa gramu "pamoja na kila kitu", umejua kwamba kiasi cha 1,860 kwa kila gramu si dhahabu. Huenda ni halali, lakini sasa unajua unabishana juu ya nini. Angalia pia muhuri: 916 ni karati 22, na 750 ni karati 18. Wapo wanaolipia ya 22 wakapewa ya 18, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha kwa uhakika.

Kuna hila nyingine ya kupima. Shilingi inapopata nguvu kwa haraka, uliza kama bei ya dukani imeshuka kwa kasi ileile. Chukua bei yake ya gramu ya karati 24 bila ufundi, zidisha kwa 31.1035, gawanya kwa bei ya wakia ya siku ile. Jibu ni kiwango cha dola anachotumia yeye. Kama benki ziko 132 na hesabu yako inatoa 148, basi ama ameficha faida humo, ama bado anauza mzigo aliouleta kwa dola ghali. Yote mawili ni sababu ya kuvuka barabara ukaulize duka la pili.

Akaunti ya dola

Kufungua akaunti ya dola Kenya si kazi. Udhibiti wa fedha za kigeni uliondolewa miaka ya 1990, na benki nyingi zinayo huduma hiyo kwa mtu wa kawaida. Tatizo ni kwamba dola hizo zina bei mbili. Benki ikikuuzia dola kwa 131 na kuinunua kutoka kwako kwa 127, ukienda na kurudi umeacha shilingi 4 mezani kwa kila dola, karibu asilimia 3. Na sonara wa Mombasa anataka shilingi, hivyo kurudi utarudi.

Njia hii ina mahali pake. Kama umeshakubaliana na muuzaji bei kamili kwa dola, na malipo ni baada ya wiki sita, mguu wa dhahabu umeshafungwa na uliobaki ni wa dola. Hapo nunua dola leo ulale. Au kama deni lako hasa ni la dola, mathalani karo ya chuo cha nje, na dhahabu ilikuwa wazo tu la pembeni, basi shika dola na uisahau dhahabu.

Watu wa pwani tuna njia yetu ya tatu: ndugu aliyeko Ghuba. "Mpelekee pesa Dubai, akununulie huko." Ufundi huenda ukawa nafuu na chaguo ni kubwa, ila kwa hatari ya sarafu hujahama. Dirhamu ya Imarati imefungwa kwa dola, dola moja kwa dirhamu 3.6725, na riali ya Omani imefungwa pia, riali moja kwa kama dola 2.60. Kuhamisha akiba kwenda kwenye sarafu hizo ni kununua dola kwa jina lingine, na njiani unalipa ada ya kutuma.

Mkataba wa dola za baadaye

Benki huuita fowadi. Mnakubaliana leo kiwango ambacho utanunulia dola siku fulani mbele, na siku hiyo ikifika unalazimika kununua. Nimeuweka hapa kwa sababu kila makala ya kinga huutaja kama dawa, lakini kwa akiba ya laki tatu sioni kama unakuhusu. Kwa kawaida benki hutaka kiasi kikubwa, hati za biashara unayokwenda kulipia, na dhamana. Ni chombo cha sonara anayeagiza mzigo.

Hata hivyo kinafaa kueleweka, maana kinabomoa dhana moja. Wengi hufikiri fowadi ya mwaka mmoja ingempa shangazi dola kwa 160 ileile. La. Bei ya fowadi hutokana na tofauti ya riba za sarafu mbili. Shilingi ikilipa asilimia 16 na dola ikilipa 5, fowadi ya mwaka ni 160 × 1.16 ÷ 1.05, yaani karibu shilingi 177. Benki haitabiri kwamba dola itafika huko. Inachofanya ni kukunyang'anya riba ya ziada ambayo shilingi zako zitapata wakati unangoja. Mwishowe mfukoni unabaki karibu palepale pa aliyenunua dola siku ya kwanza. Na Januari 2025, dola ikiwa 129 sokoni, aliyefunga mkataba angelazimika kuzinunua kwa 177.

Dhahabu ya soko la hisa

Katika Soko la Hisa la Nairobi kuna NewGold, iliyoorodheshwa hapo tangu 2017. Ni hati inayofuata bei ya dhahabu, kila kipande kikiwa sawa na takriban sehemu moja ya mia ya wakia, ikipungua kidogo kidogo kwa ada. Unainunua kwa shilingi, kupitia dalali wa hisa.

Neno "kwa shilingi" ndilo linalopoteza watu. Nimesikia mtu akisema amehama dhahabu ya sonara akaenda NewGold ili akwepe dola. Bei ya kipande imeandikwa kwa shilingi, ndiyo, lakini ndani yake kuna wakia iliyozidishwa kwa dola, sawasawa na bangili. Sarafu iliyoandikwa kwenye kibandiko si lazima iwe sarafu ya hatari yako.

Kwa mwenye deni la gramu hilo si kasoro, ni sifa: kipande kinapanda pamoja na bei ya dukani. Anaweza kununua vipande vichache kila mwezi bila kulipa ufundi, kisha auze karibu na harusi amwendee sonara. Kasoro yake ni kwamba wanunuzi na wauzaji ni wachache. Siku nyingine utakuta bei ya kuuzia iko mbali na hesabu yako ya wakia mara dola. Ipige hesabu hiyo kabla ya kuagiza, taja bei yako badala ya kusema "nunua kwa bei yoyote", na usingoje wiki ya mwisho kuuza.

Na kama deni lako ni la shilingi?

Hapa hesabu inageuka kabisa. Mtu aliyenunua wakia mwishoni mwa Januari 2024 kama akiba, akiwa na karo ya kulipa baada ya Pasaka, alitoa 326,400. Mwishoni mwa Machi wakia ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,200, magazeti yanasifu dhahabu, na yeye kwa kiwango cha 132 ana 290,400. Amepoteza 36,000 katika kipindi ambacho dhahabu ilipanda.

Kwa mtu huyu hatari si shilingi kuanguka. Ni shilingi kupata nguvu. Kinga ya kitaalamu ni kuuza dola kwa fowadi, na hiyo tumeona si yake. Kinga ya kawaida ni kuacha pesa ya karo kwenye shilingi zinazolipa riba, na kupeleka kwenye dhahabu ile tu ambayo hataigusa kwa miaka kadhaa. Tangu Agosti 2024 dola imekaa muda mrefu karibu na 129, na utulivu huo umewafanya wengine waone jambo hili limekwisha. Lakini bei ya dhahabu kwa shilingi bado ina miguu miwili. Mmoja umelala tu.

Ningechagua ipi?

Kwa deni la gramu lenye tarehe, mimi huenda na nusu kwa nusu: nusu ya dhahabu unainunua sasa, nusu ya pesa kwenye hati za Hazina zinazoiva kabla ya tarehe yenyewe. Jedwali linaonyesha haishindi kamwe njia bora ya mwaka wowote, ila haijawahi kuwa mbaya kuliko zote pia. Kama tarehe iko karibu, chini ya miezi mitatu, au kama kupungukiwa kutakuletea aibu mbele ya wakwe, sogeza hadi robo tatu ya pesa iwe dhahabu. Riba ya serikali ikiwa kubwa kama ile ya mwanzoni mwa 2024, acha nyingi zaidi kwenye shilingi, maana unalipwa vizuri kwa kungoja. Ikiwa ndogo, hakuna kinachokuliwaza gramu zikipanda.

Dola hazimo kwenye chaguo langu kwa deni la gramu, isipokuwa zile wiki chache kati ya kukubaliana bei na kulipa.

Shangazi hakunisikiliza. Alimsikiliza shoga yake, mke wa sonara mstaafu, aliyemwambia kwa maneno machache: nusu mkononi, nusu serikalini. Akanunua bangili za gramu 17 kwa 163,200 na ufundi wake, nusu nyingine ya akiba akaiingiza kwenye hati za Hazina za siku 364. Zilipoiva, akakuta kama 185,400. Gramu 17 zilizobaki zilikuwa 180,600 kabla ya ufundi. Elfu nne na mia nane iliyosalia aliitia kwenye ufundi wa vipuli, akaongeza kidogo kutoka kwenye mkoba, kisha akanipigia kuniuliza dola zangu zinaendeleaje.